Sakafu ya vigae kwenye renda: picha, Brick Texture, kigae kimoja kimoja, au kubandika baadaye?

Nilikuwa nimemaliza renda ya sebule ya mteja mmoja wa Kigamboni, na kwa kujisifu kidogo nikamwonyesha fundi aliyekuja kupima sakafu. Hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, chini ya ukuta wa mbele, akaanza kuhesabu taratibu: moja, mbili, tatu, nne.

"Kaka, ukuta huu una mita ngapi?"

"Nne."

"Basi marumaru zako ni za mita moja moja. Mimi nimeambiwa nije na sitini kwa sitini." Akainama tena. "Halafu hata si mraba. Zimevutwa kwenda ndani."

Alikuwa sahihi kwa yote mawili, na sababu yake nitaieleza hapo chini kwa sababu ni kosa ambalo naliona kila wiki kwenye kazi za wenzangu. Tangu siku hiyo kila renda yangu naihesabu vigae kabla haijatoka. Lakini kuna swali linalotangulia hesabu: sakafu yenyewe utaitengeneza kwa njia gani? Zipo nne ambazo watu wanazitumia kweli, na nimezitumia zote kwenye sebule ileile ili niweze kuzilinganisha bila upendeleo.

Vipimo vya mfano wetu ni hivi. Chumba kina upana wa mita 4.0 na kina cha mita 5.2. Vigae ni vya sentimita 60 kwa 60, grauti ni milimita 3. Programu ni Blender, injini ni Cycles, picha ni ya pikseli 1920 kwa 1080. Kamera imesimama kwenye kizingiti cha mlango, katikati ya ukuta mfupi, kwa urefu wa mita 1.2, na lenzi ya milimita 24.

## Tutapima nini

Kwa kila njia nitauliza mambo yaleyale: je, ukubwa wa kigae naweza kuuweka kwa kipimo halisi? Grauti naweza kuiongoza peke yake, bila kugusa kigae? Mistari inayokwenda mbali inakutana inavyotakiwa? Na mteja akibadili mawazo, nitarudia kazi kiasi gani? Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Swali la tatu, la mistari kukutana, lazima tulimalize kwanza, maana kwa sehemu kubwa jibu lake haliko kwenye sakafu.

## Kamera haijali umetumia njia gani

Njia tatu kati ya nne zinaweka vigae ndani ya chumba chenyewe, kwa hiyo programu ndiyo inayochora mistari ikikutana. Huwezi kuikosea kwa mkono. Unachoweza kukosea ni mahali pa kuisimamisha kamera.

Wengi huilaumu lenzi. Jaribu hivi: iache kamera palepale, piga renda kwa lenzi ya 24, kisha kwa ya 50, halafu ikate picha ya kwanza ibaki na sehemu ileile inayoonekana kwenye ya pili. Mistari ya grauti italaliana kabisa. Lenzi inachagua tu uone kipande kikubwa au kidogo cha mtazamo. Kasi ya mistari kukutana inatokana na umbali wako na sakafu. Ubaya wa lenzi pana ni kwamba inakushawishi usogee karibu, na ukisogea, vigae vya karibu na vya pembeni vinavutika kama ulimbo. Ukitaka mistari itulie, rudi nyuma na utumie lenzi ndefu zaidi. Ukuta wa nyuma ukikuzuia, ongeza `Clip Start` ya kamera mpaka ukuta huo usionekane, kisha piga renda kana kwamba umesimama nje ya nyumba.

Jambo la pili ni kuinamisha kamera ili sakafu ionekane zaidi. Ukifanya hivyo kuta zinaanza kuegemeana. Iache kamera sawasawa, `Rotation X` ikiwa nyuzi 90, kisha tumia `Shift Y`. Kwenye sebule yetu, kamera iliyonyooka inaanza kuiona sakafu kuanzia mita 2.8 mbele yake. Ukiweka `Shift Y` kuwa -0.1, inaanza kuiona kuanzia mita 2.1, na kuta zinabaki wima.

Sasa tazama grauti inavyopungua. Ikiwa upana wa picha ni pikseli 1920 na lenzi ni 24, kitu chenye upana wa mita moja kilicho mita moja mbele ya kamera huchukua pikseli 1280. Kwa hiyo grauti ya milimita 3 inayokwenda ndani ya chumba ina upana wa pikseli 1.8 pale sakafu inapoanza kuonekana, na 0.7 chini ya ukuta wa mbele. Hapo hakuna tatizo kubwa. Ila mistari ya kukatiza, inayolala kutoka kushoto kwenda kulia, inaonekana kwa mshazari, kwa hiyo inapungua kwa mraba wa umbali: karibu na kamera ina pikseli 1, mbele kabisa ina chini ya 0.2. Ndiyo maana kwenye renda nyingi sakafu ya mbali inaonekana kama mbao ndefu badala ya vigae. Mistari ya kukatiza imetoweka, ile ya kwenda ndani imebaki.

Wengi wakiona hivyo wanaiongeza grauti ifike milimita 8 au 10. Usifanye. Sakafu itakuwa ya nyumba ya mwanasesere, kwa sababu jicho hupima ukubwa wa kigae kwa kukilinganisha na grauti yake. Piga renda ya pikseli 3840, grauti itapata pikseli mara mbili, ongeza sampuli, na kwenye kiondoa chembe acha `Albedo and Normal`, ili kiweze kutofautisha mstari wa sakafu na uchafu wa renda. Mistari ya mbali ikionekana kama nukta nukta, au ikifanya mawimbi ambayo hayapo kwenye sakafu, sampuli hazijatosha.

Dokezo kwa wanaopenda vigae vya mshazari: mistari ya nyuzi 45 hukutana kwenye nukta mbili, moja kila upande wa picha, juu ya mstari wa upeo wa macho. Kwa lenzi ya milimita 18 nukta hizo huangukia hasa kwenye kingo za picha, na sakafu inaonekana kama inafyatuka kutoka pembeni. Kwa lenzi ya 24 zinakwenda nje ya picha na sakafu inatulia.

Sasa njia zenyewe.

## Njia ya kwanza: picha ya vigae iliyorudiwa

Unachukua picha ya vigae iliyo tayari, kwa mfano kutoka Poly Haven au ambientCG, unaiweka kwenye sakafu na kuiacha ijirudie.

Ukubwa. Hapa ndipo nilipoangukia. Picha yangu ilikuwa na vigae vinne kwa vinne, nami nikaiacha itumie `Generated`. Mfumo huo huchukua kitu kizima, kiwe na umbo gani, na kukihesabu kuwa ni moja kwa moja. Vigae vinne vikanyooshwa kwenye mita 4.0 za upana na vinne vilevile kwenye mita 5.2 za kina, kila kimoja kikawa mita 1.0 kwa 1.3. Ndiyo "zimevutwa kwenda ndani" ya fundi. Dawa ni kutumia `Object`, ambayo hupima kwa mita, na kwanza kubonyeza Ctrl+A na kuchagua `Scale` ikiwa sakafu uliinyoosha kwa mkono. Kisha hesabu vigae vilivyomo kwenye picha. Vigae vinne vyenye grauti ni 4 × 0.603, yaani mita 2.412. Kwenye nodi ya `Mapping` chagua aina ya `Texture`, uandike 2.412 kwenye `Scale` ya X na ya Y. Aina hiyo inakubali ukubwa wenyewe. Kwa `Point` ungelazimika kugawanya moja kwa 2.412 kwanza.

Grauti. Imeshaokwa ndani ya picha, na huu ndio udhaifu mkuu wa njia hii. Ukichukua picha ya vigae vya sentimita 30 vyenye grauti ya milimita 3, ukaikuza ili viwe vya 60, grauti nayo inakuwa milimita 6. Tazama pia idadi ya pikseli: picha ya pikseli 2048 inayofunika mita 2.412 inaipa grauti ya milimita 3 pikseli mbili na nusu tu. Kwa kamera yetu inatosha. Kwa picha ya karibu, ya mguu wa meza kwa mfano, itakuwa ukungu. Hapo tafuta ya 4096.

Mistari kukutana. Ni sahihi, ila kuna kitu kinachojitokeza kwa sababu yake. Doa au mshipa wa marumaru unaojirudia kila mita 2.4 unajipanga kwenye mstari ulionyooka kuelekea palepale grauti zinapokutania, na jicho linaufuata. Kwenye sebule yetu picha inajirudia zaidi ya mara mbili kwenda ndani, na inatosha kumfanya mtu aone. Zulia chini ya meza ndilo suluhisho la kale, na sioni aibu kulitumia.

Kazi na mabadiliko. Dakika kumi kuanza. Mteja akitaka kigae kingine cha ukubwa uleule, unabadili picha. Akitaka grauti nyeusi badala ya nyeupe, unarudi kwenye programu ya kuhariri picha.

Inamfaa nani. Anayehitaji muundo ambao nodi haziwezi kuuchora: vigae vya maua, terazo yenye vipande, mpangilio wa mfupa wa samaki, pembe sita. Inamfaa pia aliyepewa picha halisi ya bidhaa na muuzaji na anatakiwa kuonyesha hiyohiyo.

## Njia ya pili: nodi ya Brick Texture

Hapa hakuna picha. Blender inahesabu kila nukta ya sakafu iko ndani ya kigae au kwenye grauti.

Ukubwa. Hakuna njia rahisi zaidi ya kupata kipimo halisi, mradi uzijue siri mbili. Ya kwanza ni kwamba `Brick Width` hupima kigae pamoja na grauti yake, kwa hiyo kigae cha sentimita 60 huandikwa 0.603. Ya pili ni kwamba `Mortar Size` huchukua unene huo kutoka kila upande wa kigae. Vigae viwili vikikutana, grauti unayoiona ni mara mbili ya namba uliyoandika. Kwa milimita 3 andika 0.0015. Namba ya kuanzia ya nodi hiyo ni 0.02, ukibadili `Scale` na upana wa kigae tu ukaiacha hiyo, umepata grauti ya sentimita 4, ambayo ni mfereji.

```
Texture Coordinate: Object
Mapping (Point): Location X 0.3015, Y 0.3015
Brick Texture
  Offset 0, Squash 1
  Scale 1
  Mortar Size 0.0015
  Mortar Smooth 0
  Brick Width 0.603
  Row Height 0.603
```

Zile 0.3015 zinatoka kwa fundi wala si kwa Blender. Kitovu cha sakafu kikiwa katikati ya chumba, nodi huanza kigae hapo, yaani grauti inapita katikati kabisa. Upana wa mita 4.0 unaingiza vigae sita vizima na kubakiza kipande cha sentimita 19 kila ukuta. Fundi yeyote anayejiheshimu hatakubali kipande cha chini ya nusu kigae mahali panapoonekana. Ukisogeza mpangilio kwa nusu kigae, katikati panakaa kigae, vizima vinakuwa vitano, na vipande vya pembeni vinafika sentimita 49. Kwa kina cha mita 5.2 hesabu inatoka vilevile. Renda inayoonyesha vipande ambavyo fundi atavikata kweli inaaminika bila mtu kujua kwa nini.

Grauti. Inabadilika peke yake, upana na rangi. Tundu la `Fac` linatoa nyeupe kwenye grauti na nyeusi kwenye kigae, kwa hiyo unaweza kuipa grauti ukwaru wake, isiyong'aa, huku kigae kikibaki kioo. Ukilipeleka kwenye `Bump`, weka alama ya `Invert`, la sivyo grauti itavimba badala ya kuzama. Kuzama kwenyewe ni kwa macho tu, hakuna shimo. Kwa urefu wa mita 1.2 huwezi kulitofautisha na shimo la kweli, lakini ukishusha kamera hadi usawa wa sakafu utaona kingo ni bapa.

Mistari kukutana. Ni sahihi, na hakuna doa la kujirudia. Ila sakafu isiyo na tofauti yoyote kati ya kigae na kigae inaonekana kama daftari la hesabu lililolazwa chini. Zipe `Color1` na `Color2` rangi mbili zinazokaribiana sana. Nodi itachagua kivuli chake kwa kila kigae. Hapa wengi huzidisha chumvi. Vigae vya kiwandani vya boksi moja havitofautiani kama bao la drafti.

Kazi na mabadiliko. Mteja akihama kutoka 60 kwa 60 kwenda 60 kwa 120, unaandika 1.203 kwenye `Brick Width`, unaweka `Offset` 0.333 kwa kuwa mafundi hupendelea kuvipishanisha vigae virefu kwa theluthi, umemaliza. Ni sekunde ishirini.

Inamfaa nani. Yule ambaye mteja wake bado anahangaika na ukubwa. Haimfai anayetaka umbo lolote lisilo mstatili: nodi hii haijui mfupa wa samaki wala pembe sita.

## Njia ya tatu: kuchonga kigae kimoja kimoja

Unatengeneza kigae cha 0.6 kwa 0.6 chenye unene wa sentimita 1, unakipa `Bevel` ya milimita 1, kisha `Array` mbili zenye `Constant Offset` ya 0.603, moja ya X na moja ya Y. Chini yake unalaza bapa la grauti, milimita 2 chini ya uso wa kigae.

Ukubwa. Ni kipimo halisi, kwa sababu ni kitu halisi. Sebule yetu inataka vigae 7 kwa 9, jumla 63. Vinazidi chumba kwa sentimita 11 kila upande, na kuta za tofali la inchi sita zinavificha, kwa hiyo huna haja ya kukata kitu. Isipokuwa mlangoni. Hapo kigae kitatokeza nje ya kizingiti, na ni mahali ambapo nimesahau zaidi ya mara moja.

Grauti. Ni pengo la kweli, na hiki ndicho unacholipia. Kingo zilizopunguzwa milimita moja zinashika mwanga wa dirisha na kuchora uzi mwembamba unaong'aa kandokando ya grauti. Mstari wa kukatiza ambao ungetoweka mbali, uzi huo unausaidia kuonekana. Hakuna `Bump` inayonipa hilo kwa uhakika huohuo.

Mistari kukutana. Mistari ni ileile, lakini akisi zake ndizo zinazobadilika. Sakafu ya kweli ya vigae vinavyong'aa haina usawa wa kioo kimoja. Kila kigae kimeinama kidogo upande wake, na taswira ya dirisha inakatika kila inapovuka grauti. Ili kuipata, kubali `Array` kwa `Apply`, tenganisha vigae kwa `Separate` > `By Loose Parts`, rudisha kitovu cha kila kimoja katikati yake, halafu tumia `Randomize Transform` kwa mzunguko wa sehemu ya kumi ya nyuzi moja kwenye X na Y. Kwenye kigae cha sentimita 60 huo ni mwinuko wa milimita moja hivi. Ukiweka nyuzi moja nzima umepata sentimita moja, na mteja ataona nyumba yenye vigae vilivyobanduka.

Ukiacha vigae vikiwa bado mwili mmoja, tofauti ya rangi unaweza kuipata kwa `Random Per Island` ya nodi ya `Geometry`, ambayo inafanya kazi Cycles tu.

Kazi na mabadiliko. Saa moja badala ya dakika kumi. Kubadili ukubwa kabla ya kukubali `Array` ni rahisi. Baada ya hapo unaanza upya. Weka nakala ya kigae cha kwanza mahali salama. Kwa mashine, vigae 63 si mzigo. Ukumbi wa mikutano wenye vigae vya sentimita 10 ni habari nyingine.

Inamfaa nani. Picha ya karibu, kamera ya chini, sakafu inayong'aa yenye dirisha kubwa mbele yake. Kwa sakafu isiyong'aa iliyofunikwa nusu na samani, saa yako moja imepotea bure.

## Njia ya nne: kubandika baada ya renda

Renda imekwisha, mteja anapiga simu saa tatu usiku: vigae virudi vya 40. Unafungua GIMP, unatengeneza picha bapa ya sakafu nzima, unaivuta pembe nne kwa zana ya `Perspective`, unaiweka kwa hali ya `Multiply` ili vivuli vilivyokuwepo vibaki.

Ukubwa. Ni sahihi ikiwa picha bapa ina umbo la chumba chote. Kwa mita 4.0 kwa 5.2, tengeneza ya pikseli 2000 kwa 2600, ambapo kila mita ni pikseli 500. Watu huvuta kipande cha vigae kadhaa mpaka kionekane sawa, na macho yanadanganya.

Grauti. Unaichora mwenyewe kwenye picha bapa, kwa hiyo unaiongoza. Lakini kwa kipimo hicho milimita 3 ni pikseli moja na nusu tu, na kuivuta kunaitia ukungu. Ongeza picha iwe kubwa mara mbili.

Mistari kukutana. Hapa, na hapa peke yake, mkono wako ndio unaobeba mzigo. Kosa la kawaida ni kupunguza kila safu kwa kiwango kilekile, tuseme kila moja iwe robo tatu ya iliyotangulia. Haiko hivyo. Kwenye sebule yetu, kwa vigae vya 60, safu nzima ya karibu kabisa ina urefu wa pikseli 139 hivi na nzima ya mwisho ina kama 48, lakini uwiano kati ya safu na safu unabadilika njiani. Mwitaliano Leon Battista Alberti aliwaonya wachoraji kuhusu kosa hilohilo mwaka 1435, akawapa kipimo ambacho bado nakitumia: chora mstari ulionyooka unaopita pembe mbili za kigae kimoja, kutoka kona hadi kona, uendelee nao. Kama sakafu ni sahihi, utapita kwenye kona za kigae kinachofuata kwa mshazari, na kinachofuata tena. Ukizikosa, pembe zako nne hazipo mahali pake.

Pembe zenyewe mara nyingi hazionekani. Moja iko nyuma ya sofa, mbili ziko nje ya picha upande wa kamera. Kwa hiyo kabla ya kufunga faili ya Blender, piga renda ya haraka ya sakafu tupu yenye mistari ya kila mita moja. Ndiyo itakayokuongoza. Washa pia `Cryptomatte`, upate umbo la sakafu bila kukata miguu ya viti kwa mkono.

Kazi na mabadiliko. Nusu saa, bila kupiga renda upya. Akisi ndizo zinazokusaliti: taswira ya dirisha kwenye sakafu bado imekatika kwenye grauti za zamani, kama ulizichonga, au bado inang'aa kama kigae kilichoondolewa.

Inamfaa nani. Mwenye sakafu isiyong'aa na muda mfupi, au aliyepewa picha na mtu mwingine bila faili ya asili.

## Mawe yasiyo na umbo

Yote hayo yalikuwa ya vigae. Mawe ya Mazeras, yale mapande ya kahawia, manjano na zambarau yanayotandazwa kwenye baraza nyingi za Kenya, hayana upana wala urefu unaorudiwa. `Brick Texture` haina la kufanya hapo. Nodi ya `Voronoi Texture` kwenye `Distance to Edge` inachora mapande yenye grauti ya unene mmoja, lakini mapande yanakuwa ya ukubwa unaokaribiana mno, kama mapovu ya sabuni. Fundi wa mawe huweka kubwa, akajaza pengo kwa dogo. Picha halisi ya mawe yaliyotandazwa inashinda hapa, ukichukua inayofunika mita tatu au zaidi. Kwa kamera ya chini, chora mapande ishirini kwa mkono, kila moja limeinuliwa au kushushwa milimita mbili tatu. Grauti yake ni ya sentimita moja hadi tatu, kwa hiyo ile hofu ya mistari kutoweka mbali haipo.

## Kwa hali uliyonayo

Kama mteja hajaamua ukubwa, anza na `Brick Texture` hata kama unajua utamalizia kwa njia nyingine, kwa sababu utabadili namba mara tano kabla hajakubali. Akishakubali, na sakafu inang'aa, na dirisha liko mbele ya kamera, chukua vipimo vilevile uchonge vigae; namba 0.603 inahama kama ilivyo.

Kama ameleta picha ya bidhaa, au vigae vina maua, tumia picha, lakini hesabu vilivyomo ndani yake kabla ya kuandika chochote, na uliza grauti iliyomo ni ya kipimo gani.

Kama kamera iko juu, samani ni nyingi na zulia limefunika nusu ya chumba, tofauti kati ya njia tatu za kwanza haitaonekana. Chagua unayoijua.

Kama renda imekwisha na simu imelia saa tatu usiku, bandika, na upitishe mstari wa kona hadi kona kabla ya kutuma. Sakafu iking'aa, mwambie mteja asubiri asubuhi.

Na kwa njia yoyote, kabla faili haijatoka, weka kidole chini ya ukuta wa mbele. Kwenye mita 4.0 zenye vigae vya 60 vilivyopangwa kama tulivyopanga, unatakiwa uhesabu vitano vizima na viwili vilivyokatwa.